UZI: Msiba nyumbani, vitu gani viwepo na nani alete nini (maji, viti, turubai, jiko)

Katibu_Mpya
Wadau habari zenu. Nimechaguliwa katibu wa kikundi chetu cha mtaa huku Mbagala, tuko kaya 42, na kazi ya kwanza niliyopewa ni kupanga vitu vya msiba maana mwezi uliopita tuliaibika. Jirani yetu alifiwa na mume saa kumi alfajiri, kufika saa nne asubuhi tulikuwa na karibu kilo 60 za mchele pale kibarazani kwa sababu kila anayekuja kabeba mchele, lakini sufuria la kuupikia hakuna, mkaa hakuna, maji ndoo tatu tu ndani ya nyumba nzima. Kuna bibi mmoja alikaa kwenye saruji tupu zaidi ya masaa mawili kaegemea ukuta, mi nikawa nakimbia huku na kule natafuta kiti sipati, hiyo picha mpaka leo haijanitoka.

Sasa Jumapili tunakaa kikao. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, vitu gani hasa viwepo, kwa watu wangapi, na mnagawanaje nani alete nini ili isijirudie ile ya mchele. Misiba yetu mara nyingi watu wanalala siku mbili tatu kabla ya kuzika, siku ya mazishi wanafika kama 250 hivi.

Mama_Mwiko
Pole sana na hongera kwa kubeba hilo jukumu. Mimi napika misibani tangu 1998, nimeanzia Tandika sasa niko Chanika, nikwambie kitu kimoja, chakula huwa hakikosekani. Kinachokosekana ni maji, moto na vyombo. Kwa hiyo daftari lako usilianze na mchele, lianze na maji.

Niongelee siku ya mazishi ya watu 250 kama ulivyosema. Watu wanafikiri jiko ndo linakula maji, hapana. Kupika wali, mboga na chai kote huko lita 200 zinatosha. Kuosha vyombo weka lita 300. Kunywa na kunawa mikono hesabu lita 2 kwa mtu, hiyo 500. Sasa choo. Mtu mmoja akienda choo cha kumwaga anatumia kama lita 5, na wengine wanaenda mara mbili, hapo peke yake inapita 1,000. Yaani ukijumlisha ni simtanki ya lita 2,000 inaisha siku moja, na nusu yake imeenda chooni. Ndo maana utaona mpaka saa saba mchana kila kitu kiko sawa alafu ghafla hakuna hata maji ya kunawa, watu wanamaliza kula wanajifuta kwenye khanga.

Dawa yake ni kutenganisha toka asubuhi. Jaba moja la choo liwe kule kule chooni na kata yake, hata maji ya kisima yenye chumvi yanafaa. Ndoo za kunawa zenye koki ziwe mbili au tatu karibu na turubai na beseni la kupokea chini. Ndoo za kunywa zifunikwe, ziwe mbali na hizo nyingine na awepo binti mmoja wa kuchota, asichote kila mtu kwa kikombe chake. Maji ya jiko yakae jikoni na mtu wa jiko ndo mwenye amri nayo.

Nyongeza moja, usije ukapika maharage kwa yale maji ya chumvi ya kisima. Hayaivi. Nilishakaa na sufuria la kilo 12 toka saa nne usiku mpaka asubuhi, kuni zimeteketea, ukiliminya harage kidoleni ganda limelainika lakini katikati gumu kama punje ya mahindi. Ukiona masaa matatu yamepita na bado liko hivo usiongeze kuni, badilisha maji. Maharage loweka jioni kwa maji baridi ya bomba.

Bosi_Turubai
Wakuu kwa miaka hii kuazima azima kumepitwa na wakati. Kodi kila kitu, turubai, viti, mpishi anakuja na vyombo vyake, kwisha. Watu 250 kodi viti 250, turubai tano, mfiwa anapumzika. Mi nakodisha hivi vitu najua, ukipiga simu saa moja asubuhi saa tatu kirikuu iko kwako.

Mama_Mwiko
@Bosi_Turubai kwenye turubai nakuunga mkono, kodi tu, hakuna mtu wa mtaani mwenye turubai zima lisilovuja. Ila viti 250 kwenye kiwanja cha Mbagala unaviweka wapi kaka yangu? Watu 250 hawakai kwa wakati mmoja. Wanawake wengi wako ndani na uani kwenye mikeka, vijana wamesimama au wako kaburini wanachimba, wengine wanakuja wanatoa mkono wa pole wanaondoka. Mimi naweka viti 100, vikizidi sana 120, na mikeka 12 mikubwa. Mkeka mmoja wanakaa watu sita kwa raha.

Fundi_Kamba
Hapo kwenye turubai naomba niongezee, mimi ndo kazi yangu kufunga. Turubai la futi 20 kwa 20 linakaa viti 50 mpaka 55 ukiacha kanjia katikati. Kwa viti 100 chukua mawili, na la tatu dogo la jikoni, hili la tatu watu wanalisahau kila siku, mvua ikinyesha wapishi wanahamia kwenye turubai la wageni na moshi wao.

Makosa ninayoyaona. La kwanza, mnafunga turubai kabla ya kufikiria gari la mwili litapita wapi. Kuna msiba niliitwa huko Kigamboni kurekebisha, walifunga kwa usiku, kamba zimekatiza geti, asubuhi gari limekuja na marehemu halina pa kuingilia. Ikabidi watu wanyanyuke wote, viti vikunjwe, turubai lishushwe na mama mfiwa anatazama dirishani. Ilichukua dakika arobaini. Kwa hiyo kabla hujachimbia nguzo simama getini unyooshe mikono, acha upana wa gari na mlango wake wa nyuma ufunguke, alafu watu wanne waweze kugeuka na jeneza.

La pili mvua. Kati ya Machi na Mei turubai lazima liwe na mgongo katikati, mti wa kati uzidi wa pembeni kama mita moja hivi. Likiwa bapa maji yanatuama yanafanya tumbo. Ukiliona tumbo lisukume juu taratibu kwa mti uliofungwa kitambaa mbele ili usitoboe, lingali dogo. Ukichelewa uzito unang'oa nguzo na linawashukia watu. Na kwenye mchanga wa huku kwetu vigingi havishiki, jaza mchanga kwenye viroba funga kamba hapo. Usifunge kwenye nguzo ya umeme.

Kama linatoka mpaka barabarani mwenyekiti wa serikali ya mtaa aambiwe mapema, tena aambiwe na mjumbe siyo na mfiwa.

Chuwa_wa_Goba
Samahani wakuu, kwa sisi wa Kilimanjaro hapa inakuwaje? Maana baba mdogo wetu alipofariki Dar tulikaa siku nne hapa kwanza alafu tukasafirisha kwenda Rombo. Tulihitaji Kosta mbili na gari la mwili, na michango yote ikaishia kwenye mafuta. Jeneza pia bei zinatofautiana sana, kuna mtu anajua wapi wanatengeneza la mninga zuri?

Katibu_Mpya
@Chuwa_wa_Goba pole sana ndugu yangu. Jeneza na safari naona zianzishiwe uzi wake maana ni mambo mapana, hapa nataka vitu vya nyumbani tu. Ila umenikumbusha kitu, hizo siku nne za hapa mlikuwa mnalisha watu na huku mnachangisha nauli? Mligawaje?

Chuwa_wa_Goba
Hapo ndo tulikosea. Siku ya kwanza na ya pili tulipika nyama kana kwamba tunazika hapa hapa, siku ya tatu fedha imeisha. Tungejua tungepika maharage na kabichi tu Dar, nyama ikae kule kwa siku ya mazishi. Tena watu wa hapa wakija jioni kwenye kikao wanahitaji chai tu, hawahitaji wali.

Mwana_Kisauni
Assalam alaykum, mimi niko Mombasa. Kwetu mambo ni tofauti kidogo, maiti akifa asubuhi alasiri ashazikwa, kwa hiyo hamna muda wa kukodi vitu vya siku tatu. Majamvi, viti na masufuria makubwa yako msikitini, mtu anatumwa na mkokoteni. Ila ninavyoona nyie mwataka mfiwa ndiye alishe watu. Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya kuuawa Jaafar aliwaambia watu wawapikie jamaa zake chakula kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Jirani ndiye apike. Mwenye msiba akiwasha moto nyumbani kwake siku ile ni aibu yetu sisi majirani.

Mama_Mwiko
@Mwana_Kisauni wa alaykum salaam, umesema vizuri na hata sisi Wakristo huku hatumwachi mfiwa apike. Moto unawashwa uani kwake lakini vya kupika vinatoka kwetu. Ila kwenye kuzika kwetu mara nyingi tunasubiri ndugu watoke mikoani, kwa hiyo hizo siku mbili tatu hazikwepeki.

Katibu_Mpya
Asanteni sana. Mama Mwiko naomba sasa jiko. Kikundi kina pesa kidogo ya kununua vyombo, tuanze na nini?

Mama_Mwiko
Sawa, nikupe msiba mmoja wa kweli, wa jirani yetu hapa Chanika, kafariki Jumatano usiku tukazika Ijumaa saa tisa. Nitakupa kama tulivyofanya.

Usiku wa kwanza walilala watu 40. Hao hatukuwapikia chakula, tulipika chai ndoo moja ya lita 20. Ndoo hiyo inatoa vikombe kama 80, sukari inakula kilo moja na nusu mpaka mbili, asubuhi tukarudia na maandazi mawili kila mtu. Alhamisi mchana walikula kama 120. Ugali tuliacha, ugali wa watu wengi unataka vijana wenye mikono na unapoa haraka, tulipika wali. Kilo moja ya mchele inalisha watu wanane kwa sahani ya msibani, kwa hiyo kilo 15, na maharage kilo 10.

Ijumaa watu 250. Mchele kilo 32, nyama kilo 25, kilo moja unaikata iwatoshe watu kumi, maharage kilo 12 na kabichi. Sasa hapa sikiliza, kilo 32 usiziweke sufuria moja hata kama zinaingia. Wali ukizidi kilo 20 kwenye sufuria moja chini unashika na kuungua, katikati unakuwa bokoboko na juu mbichi, mwiko haufiki chini kuugeuza. Tulitumia mawili, kila moja kilo 16. Maji yakikauka unatoa kuni zote chini unaacha majivu ya moto tu, unafunika kwa mfuniko, unapalia makaa juu ya mfuniko. Weka sikio karibu, ukisikia chini panachachatika na harufu imebadilika toa kwenye mafiga upesi, weka chini kwenye mchanga uliomwagiwa maji. Kusubiri dakika tano zaidi ni kupoteza kilo zote 16.

Kwa hiyo vyombo vya kununua kwanza, masufuria mawili makubwa ya wali yenye mifuniko yao, moja la nyama, moja la maharage, miko miwili mirefu ya mti, ndoo mbili za chai zenye koki, makarai matatu ya kuoshea. Mafiga tunatumia matofali ya bloku, sita tu. Kuni kwa masufuria makubwa, mkaa magunia mawili kwa siku tatu, wa chai na wa kupalia. Sahani na vijiko nunua 120 tu, watu wanakula kwa zamu, lakini weka waoshaji wanne siyo wawili. Zamu zikikwama ni kwa sababu ya sahani chafu, siyo kwa sababu ya wali.

Dada_wa_Stoo
Mi natunza vyombo vya kikundi chetu Yombo naomba mnisikilize maana hapa ndo ugomvi unapoanzia. Vyombo vya kuazima vinapotea siku ya kuondoa turubai, siyo siku ya kupika. Kila mtu kachoka, masufuria yote ni ya rangi moja, kila mama anachukua linalofanana na lake. Sisi tunapaka rangi ya kucha kwenye ukingo wa sufuria na chini ya kila sahani, nyekundu ni ya kikundi, kaya zina rangi zao. Ikififia tunarudia. Viti vile vya plastiki andika kwa rangi ya mafuta chini ya kalio la kiti.

Alafu daftari liwe na kurasa mbili tofauti. Moja ya vilivyoingia vya kurudi, yaani sufuria, mkeka, jiko, taa, jina na saa. Nyingine ya vilivyoletwa visivyorudi, mchele, sukari, mkaa. Ukichanganya ukurasa mmoja hutaelewa kitu usiku. Hela ya rambirambi daftari lake mbali kabisa, na watu wawili, mmoja anaandika mwingine anashika.

Kijana_wa_Buza
Na umeme wakuu? Sisi tulikuwa na balbu mbili tu turubai zima na ekstensheni moja watu wamechomeka simu kumi, ikaungua.

Fundi_Kamba
@Kijana_wa_Buza waya wa taa usichanganye na wa kuchajia simu. Vuta waya wa taa peke yake, balbu nne za ledi kwa turubai mbili, moja jikoni, moja njia ya choo, hiyo ya choo ni muhimu kwa wazee. Viungio vining'inie juu visiguse ardhi maana chini kuna maji ya kunawia. Taa mbili za kuchaji ziwepo kama akiba umeme ukikatika.

Katibu_Mpya
Hapa nimebaki na swali la mwisho ambalo ndo kubwa, nani alete nini. Nilifikiria kila kaya itoe elfu kumi tu tununue wenyewe.

Dada_wa_Stoo
Fedha peke yake kwetu ilishindikana. Msiba ukitokea tarehe 23 nani ana elfu kumi? Ila kila mtu ana ndoo, ana mkeka, ana mikono. Sisi tumepanga kaya kwa kazi za kudumu na kila kaya inaijua yake hata ukiiamsha usingizini. Kwa kaya zenu 42 mi ningefanya hivi, kaya 10 za maji, kila moja ijaze ndoo tatu ndani ya saa la kwanza, hizo ni lita 600 kabla hata boza halijafika. Kaya 8 za mikeka na viti vya kuanzia, vitatu vitatu, hivyo ndivyo vingemkalisha yule bibi. Kaya 6 za moto, mkaa debe moja moja na kuni. Kaya 8 za jiko na kuosha. Nne za usiku, yaani chai, taa na kulala na mfiwa. Zinazobaki sita ni za wazee, wagonjwa na wajane, hao usiwapangie kitu, wakija wakae tu.

Mchele na sukari wala usimpangie mtu. Hivyo vitakuja vyenyewe.

Bosi_Turubai
Hapo kwenye kaya za maji nimekubali, mi mwenyewe nikipeleka viti nakuta wanahangaika na ndoo. Ila bado nasema mpishi wa kukodi ni bora, akina mama wa mtaani wanachoka na wao wana majonzi.

Mama_Mwiko
Siwezi kukubishia kwamba tunachoka. Mgongo wangu unajua. Lakini kwenye lile jiko ndo tunalia na ndo tunamwongelea marehemu, mpishi wa kukodi hamjui. Wenye uwezo wakodi, sisi wengine tuendelee.

Mwana_Kisauni
Na chumba cha mfiwa nani akiangalia? Hilo silioni kwenye hesabu yenu. Kwetu kuna wanawake wawili makusudi, mmoja mlangoni, mmoja ndani.

Dada_wa_Stoo
Umesema kweli, nilimjumlisha kwenye kaya za usiku lakini haitoshi, mchana ndo anazidiwa zaidi. Godoro lake liwekwe chini chumba chenye dirisha, makochi ya sebuleni yahamishiwe kwa jirani siku ile ile, chumba kimoja kifungwe na vitu vya thamani na ufunguo akae nao ndugu mmoja anayejulikana. Na uji wake upikwe sufuria ndogo peke yake, wengi huwa hawali wali kabisa mpaka wazike.

Katibu_Mpya
Nimeandika yote. Leo nimepita kwa kaya kumi za karibu na bomba nimewauliza ndoo, saba wana ndoo tatu au zaidi, watatu wana moja moja, kwa hiyo kikundi kitawanunulia sita. Yule bibi naye nimemkuta kibarazani kwake, nimemwambia kuna viti vinapangwa, akanambia yeye anataka mkeka, kiti kinamuuma miguu ikining'inia. Nimeuongeza mkeka wake kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa mwenye kujua, pipa la lita 200 la plastiki lenye mfuniko lililotumika huku Mbagala nalipata wapi? Niwe na uhakika halikuwekwa kemikali, nataka liwe la maji ya kunywa.

Fundi_Kamba
Kama unanunua lililotumika lifanye la choo, la kunywa nunua jipya. Hata ukilinusa huna uhakika.